Kaya Arobaini za Kitongoji

Mkoa wa Simiyu uko kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria, na mji wake mkuu ni Bariadi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa za mkoa wa Shinyanga. Nchi yake ni tambarare, watu wake walio wengi ni Wasukuma, nao hulima pamba na nafaka na kufuga ng'ombe. Kazi za shamba na za mifugo zataka mikono mingi, na mara nyingi mji mmoja huwa na baba na mama, watoto, bibi, na pengine mwana aliyekwisha kuoa pamoja na mkewe na wanawe.

Watu walao chungu kimoja na kuishi pamoja huitwa kaya. Mwezi wa Agosti mwaka 2012 serikali ya Tanzania ilipowahesabu watu wote wa nchi, ilionekana ya kuwa kaya moja ya Tanzania, kwa wastani, ilikuwa na watu 4.7, lakini kaya ya Simiyu ilikuwa na watu 6.9. Hakuna mkoa uliopita Simiyu. Mwanafunzi asomaye habari hizo huweza kucheka, kwa maana watu 6 wajulikana, na watu 7 wajulikana, lakini huyo aliye sehemu tisa za kumi ya mtu amelala wapi usiku ule? Namba hiyo si ya nyumba hata moja. Imezaliwa kwa kujumlisha na kugawanya, na mtu asiyejua jinsi ilivyozaliwa hawezi kujua inasema nini, wala hawezi kujua inapodanganya.

Basi tutazame kazi kama hiyo kwa udogo wake. Kitongoji hiki ni cha kubuni, kimewekwa ili kufundishia, lakini kazi yenyewe ndiyo ile ile ifanywayo katika shule nyingi.

Wanafunzi wa darasa la sita walipewa kuhesabu watu wa kitongoji kimoja chenye kaya 40, karibu na Bariadi. Sababu yake ilikuwa hii: wazee walitaka kununua mahindi ya akiba kwa pamoja, kilo 10 kwa kila mtu, ili yawafikishe kwenye mavuno. Wanafunzi wakaenda nyumba kwa nyumba wakiwa na daftari. Kwa kila kaya walipiga mstari mmoja mbele ya namba iliyo sawa na idadi ya watu wake: kaya ya watu 5, mstari mmoja mbele ya 5, kaya ya watu 8, mstari mmoja mbele ya 8. Mistari ilipofika minne, wa tano ulikatishwa juu yake, ukawa kama kitita cha kuni, ili kuhesabu kuwe kwepesi. Jioni mistari ikageuzwa kuwa namba, na namba zikanakiliwa katika karatasi ya zoezi hivi:

| Watu katika kaya | Idadi ya kaya |
|---|---|
| 3 | 2 |
| 4 | 4 |
| 5 | 6 |
| 6 | 8 |
| 7 | 7 |
| 8 | 6 |
| 9 | 3 |
| 12 | 1 |
| 16 | 1 |

Jedwali la namna hii huitwa jedwali la marudio, kwa kuwa safu yake ya pili yaonyesha kila namba imerudi mara ngapi. Mstari wake wa kwanza wasema: namba 3 imerudi mara 2, yaani kaya mbili zina watu watatu watatu. Wengi hujikwaa hapa hapa mlangoni, wakidhani ya kuwa 3 na 2 ni vitu vya namna moja. Sivyo. Safu ya kushoto ni watu. Safu ya kulia ni nyumba.

Chini ya jedwali karatasi iliuliza mambo matatu: wastani, namba ya katikati, na namba ijirudiayo zaidi. Wanafunzi wengi wakaanza mara moja kuzidisha. Binti mmoja hakuanza. Aliijumlisha kwanza safu ya kulia peke yake: 2 na 4 ni 6, na 6 ni 12, na 8 ni 20, na 7 ni 27, na 6 ni 33, na 3 ni 36, na 1 ni 37, na 1 ni 38. Akarudia kutoka chini kwenda juu, maana mtu arudiaye kwa njia ile ile huweza kukosea pale pale. Akapata tena 38.

Akainua mkono. “Mwalimu, kitongoji kina kaya arobaini, na hapa ziko thelathini na nane tu.”

“Mbili zimekwenda wapi?” akauliza mwalimu.

“Sijui, Mwalimu. Jumla haisemi.”

Jibu lake lilikuwa sahihi. Jumla ya safu ya kulia hujulisha ya kuwa kuna kasoro, lakini haiwezi kuonyesha kasoro iko mstari gani. Wala si halali kuongeza 2 mahali popote panapopendeza ili jumla ifike 40. Njia ni moja tu, kurudi nyuma hatua moja, kwenye daftari lenye mistari, na kulinganisha mstari kwa mstari. Ndivyo walivyofanya. Mbele ya 3 kulikuwa na mistari miwili, sawa. Mbele ya 4 minne, sawa. Walipofika kwenye 7 waliona kitita kimoja cha mistari mitano na mistari minne kando yake, yaani 9. Aliyegeuza mistari kuwa namba aliandika 9 yenye kichwa kilichofunguka, na aliyenakili akaisoma 7. Zile kaya mbili zilizopotea zilikuwa kaya za watu saba saba.

Kama jumla ingalizidi, ikawa 41 au 42, kosa lingekuwa la namna nyingine. Mara nyingi huwa ni nyumba moja iliyohesabiwa na watoto wawili, au mji mmoja wenye vyungu viwili ulioandikwa mara moja kama kaya mbili na mara nyingine kama kaya moja kubwa. Hapo daftari peke yake halitoshi, itawapasa kurudi kitongojini na kuuliza nani anakula na nani.

Yafaa sasa kuona ingekuwaje kama binti yule angalinyamaza. Jedwali bovu, likifanyiwa kazi kwa uangalifu wote, latoa watu 252 katika kaya 38, na 252 kwa 38 ni 6.63. Jedwali zuri latoa watu 266 katika kaya 40, na 266 kwa 40 ni 6.65. Tazama jinsi wastani hizi mbili zilivyo karibu! Mtu aonaye 6.63 hawezi kushuku neno lo lote. Lakini watu 14 hawamo. Wazee wangalinunua kilo 2,520 za mahindi badala ya kilo 2,660, na siku ya kugawa gunia moja na karibu nusu ya gunia lingepungua. Wastani haukupiga kelele kwa sababu kaya zilizopotea zilikuwa na watu 7, ambao ni karibu na wastani wenyewe; ukiondoa vitu vilivyo karibu na wastani, wastani hausogei sana. Kama zingalipotea zile kaya kubwa mbili za mwisho, ya 12 na ya 16, wangebaki watu 238 katika kaya 38, na wastani ungeshuka hata 6.26.

Liko na kosa la tatu, ambalo ni baya kuliko hayo, kwa kuwa huchanganya mema na mabaya. Mwanafunzi mmoja alikuwa amechukua watu 252 wa jedwali bovu, akawagawanya kwa 40 iliyoandikwa juu ya karatasi, akapata 6.3. Namba hiyo si ya kaya 38 wala si ya kaya 40. Anayegawanya kwa namba aliyopewa bila kuijumlisha safu mwenyewe hukaribia kosa hili kila siku.

Jedwali lilipokwisha kusahihishwa, kazi yenyewe ikaanza. Kwa ajili ya wastani waliongeza safu ya tatu, watu wote wa kila mstari:

| Watu katika kaya | Idadi ya kaya | Watu wote |
|---|---|---|
| 3 | 2 | 6 |
| 4 | 4 | 16 |
| 5 | 6 | 30 |
| 6 | 8 | 48 |
| 7 | 9 | 63 |
| 8 | 6 | 48 |
| 9 | 3 | 27 |
| 12 | 1 | 12 |
| 16 | 1 | 16 |
| Jumla | 40 | 266 |

Kaya 9 za watu 7 ni watu 63, na mistari mingine vivyo hivyo. Jumla ya watu ni 266. Sasa 266 kwa 40: sita mara arobaini ni 240, yabaki 26, na 26 katika 40 ni 0.65. Wastani ni watu 6.65. Maana yake ni kama kuwatoa watu wote 266 nje, kuwaweka katika uwanja mmoja, na kuwarudisha katika nyumba 40 kwa usawa, hata ikibidi kumkata mtu vipande.

Wengine darasani walipata 7.8, tena kwa hesabu safi isiyo na kosa la kujumlisha. Walijumlisha safu ya kushoto, 3 na 4 na 5 na kuendelea hata 16, wakapata 70, kisha wakagawanya kwa 9 kwa kuwa jedwali lina mistari tisa. Kwa kufanya hivyo waliipa kaya moja ya watu 16 uzito ule ule waliozipa kaya tisa za watu 7. Mistari ya jedwali si nyumba za kitongoji. Dalili ya kosa hili ni nyepesi kuiona: kaya 35 katika 40 zina watu 8 au pungufu, na 29 zina watu 7 au pungufu, wastani wa karibu 8 ungewezaje kutoka katika nyumba hizo?

Namba ya katikati hutafutwa kwa njia nyingine, wala haitaki kuzidisha. Fikiri ya kuwa wenye kaya wote arobaini wamepangwa mstari mmoja, wa kaya ndogo mbele, wa kaya kubwa nyuma. Arobaini hugawanyika sawa sawa, ishirini huku na ishirini huku. Basi katikati hakuna mtu, bali kuna nafasi baina ya mtu wa 20 na mtu wa 21. Ni nani hao wawili? Jedwali lajibu, kama mtu akitembea chini safu ya kulia polepole. Baada ya mstari wa 3 amepita watu 2. Baada ya mstari wa 4 amepita 6. Baada ya 5 amepita 12. Baada ya 6 amepita 20 kamili. Basi mtu wa 20 ni wa mwisho katika kaya za watu 6, na mtu wa 21 ni wa kwanza katika kaya za watu 7. Namba ya katikati iko nusu ya njia baina ya 6 na 7, nayo ni 6.5. Maana yake yaonekana wazi: kaya 20 zina watu 6 au pungufu, na kaya 20 zina watu 7 au zaidi.

Katika jedwali bovu la kaya 38, katikati ingekuwa baina ya mtu wa 19 na wa 20, na wote wawili ni wa kaya za watu 6. Jibu lingekuwa 6. Kwa hiyo namba ya katikati hutegemea jumla tangu hatua yake ya kwanza, kwa kuwa bila jumla mtu hajui asimame wapi. Na yule atazamaye mistari tisa ya jedwali na kuchukua mstari wa tano hupata 7, lakini amepata katikati ya karatasi tu, si katikati ya nyumba.

Namba ijirudiayo zaidi ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote, na labda ndiyo sababu hukosewa kwa haraka. Tafuta namba iliyo kubwa kuliko zote katika safu ya kulia, nayo ni 9. Kisha geuza macho kushoto ukaone ni ya nani. Ni ya 7. Jibu ni 7, yaani kaya ya watu saba ndiyo ionekanayo mara nyingi zaidi. Anayeandika 9 ameandika idadi ya nyumba mahali pa idadi ya watu, na katika jedwali hili kosa lake halijifichui lenyewe, kwa maana 9 nayo imo katika safu ya kushoto. Kwa jedwali bovu jibu lingekuwa 6, kwa kuwa 8 ya mstari wa 6 ingeipita ile 7 iliyosomwa vibaya. Mchoro mmoja wa kalamu umegeuza majibu yote matatu.

Sasa wanafunzi wakawa na namba tatu, 6.65 na 6.5 na 7, na mmoja akauliza wazee wapewe ipi. Inategemea wanataka kufanya nini. Kwa kununua mahindi, wastani ndio wenye kufaa, kwa kuwa ukiuzidisha kwa kaya 40 hurudisha watu wote 266, asipungue hata mmoja. Namba ya katikati ikizidishwa kwa 40 hutoa 260, na namba ijirudiayo zaidi hutoa 280. Hakuna kati ya hizo ijuayo jumla. Fundi wa kufinyanga vyungu, yeye, angefanya vema kuuliza namba ijirudiayo zaidi, kwa kuwa chungu cha watu saba ndicho kitakachopata wanunuzi wengi.

Lakini kwa kugawa mahindi, wastani ni mshauri mbaya. Kilo 2,660 zikigawanywa sawa kwa nyumba 40, kila nyumba hupata kilo 66 na nusu. Kaya ya watu 3 ilihitaji kilo 30, nayo itakuwa na ziada ya kilo 36 na nusu. Kaya ya watu 16 ilihitaji kilo 160, na kila mtu wake atapata kilo 4 na kidogo. Kugawa hakufanywi kwa wastani, hufanywa kwa jedwali lenyewe, mstari kwa mstari.

Kaya hiyo ya watu 16 yafundisha na jambo jingine. Tuseme ndugu wanne wamekuja kukaa kwao, wakawa 20. Watu wote wa kitongoji ni 270, na wastani hupanda hata 6.75. Namba ya katikati hubaki 6.5 kama ilivyokuwa, kwa kuwa mwenye kaya ile alikuwa wa mwisho katika mstari naye yungali wa mwisho. Mstari haukujali kama ana watu 16 au 20. Namba ijirudiayo zaidi nayo hubaki 7. Kwa hiyo mtu aambiwaye ya kuwa wastani wa mahali fulani ni mkubwa hajui bado kama nyumba zote ni kubwa, au kama nyumba chache kubwa sana zimeuvuta. Ile 6.9 ya Simiyu ya mwaka 2012 haisemi neno juu ya hilo. Ingetakiwa kuliona jedwali lenyewe.

Ikabaki swali moja ambalo binti yule aliliuliza mwishoni. Kama jumla ingalikuwa 40 tangu mwanzo, je, wangekuwa na hakika ya kuwa jedwali ni zuri? Mwalimu akamjibu, “La, mwanangu,” akachora mfano ubaoni. Tuseme mtoto alifika kwenye kaya ya watu 9 akapiga mstari wake mbele ya 6. Nyumba haikupotea, na jumla ya safu ya kulia bado ni 40, lakini watu watatu wametoweka. Kuijumlisha safu ya kulia hukamata nyumba zilizosahauliwa na zilizohesabiwa mara mbili. Nyumba iliyowekwa mahali pasipo pake haikamati.

Kwa kosa hilo yahitajiwa jumla ya pili, itokayo njia nyingine. Wanafunzi walikuwa wameandika pembeni mwa daftari, kwa kila kaya, idadi ya wanaume, wanawake na watoto. Wakajumlisha pembeni kote, ukurasa baada ya ukurasa, bila kulitazama jedwali. Ilikuwa kazi ya karibu saa nzima, na mara mbili walipotea wakaanza upya. Hesabu ya tatu ilitoa 266, sawa na jumla ya safu ya tatu, ndipo karatasi ikapelekwa kwa wazee.